Kabla ya kupanda Kitulo kutazama wingu linalozaa nyota

Jambo la kwanza ni tarehe. Chagua usiku wa giza, siku chache kabla au baada ya mwezi kuandama, kati ya Juni na katikati ya Julai. Ukichelewa hadi Agosti na Septemba, moshi wa mashamba yanayochomwa hutia utando angani hata huku milimani. Niliwahi kupanda mwezi ukiwa mpevu, nikarudi Mbeya bila kuona kitu, kwani tunachokifuata si mwanga. Ni weusi.

Katikati ya Julai, saa nne usiku, kundi la Nge huwa karibu na utosi. Elekea kusini, inua uso, utafute ile nyota yake nyekundu. Kisha sogea kushoto kiasi cha ngumi moja na nusu ya mkono ulionyooshwa, mpaka kwenye ukingo wa Njia ya Maziwa. Hapo pana doa jeusi refu lenye umbo la kiko, ndiyo maana wanaastronomia wanaliita Nebula ya Kiko. Yape macho nusu saa bila tochi wala simu, vinginevyo hutaliona.

Kabla hujaondoka nyumbani, elewa kwamba weusi ule si tundu lisilo na nyota. Ni wingu la vumbi laini lililochanganyika na gesi, hasa hidrojeni, na limeziba nyota zilizo nyuma yake. Karibu na kiko hicho kuna donge dogo liitwalo Barnard 68. Kwa macho matupu hulioni, lakini ndilo ninalopenda kulieleza, kwa sababu limepimwa vizuri sana. Mwaka 2001 João Alves, Charles Lada na Elizabeth Lada walilipiga picha kwa mwanga wa infraredi, ambao hupenya vumbi, wakaziona nyota za nyuma. Kila nyota ilivyofifishwa ilionyesha kiasi cha vumbi lililo mbele yake. Walipata donge lenye upana wa karibu nusu mwaka-mwanga na uzito wa kama Majua mawili, gesi yake ikiwa imekaribia kabisa kushindwa kujibeba.

Inajibeba kwa nguvu gani? Gesi yenye joto husukuma nje, kama mvuke unavyoinua kifuniko cha sufuria, na uzito wake wenyewe huvuta ndani. Ndani ya Barnard 68 baridi ni nyuzi 263 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo msukumo ni hafifu. Donge likizidi kushikamana kidogo tu, uzito unashinda.

Hapa Kitulo yenyewe inafundisha. Mkulima wa viazi anajua kwamba sakitu huanguka usiku ambao anga ni wazi, kwa sababu joto la ardhi hutoroka juu, na kukiwa na mawingu haianguki. Donge linapoporomoka mwanzoni liko kama usiku wa anga wazi. Joto linalotokana na kubanwa hutoroka, baridi inabaki ile ile, na poromoko linaendelea kwa muda wa miaka kama laki moja. Kisha kitovu kinakuwa kizito hata joto lake haliwezi kutoka. Blanketi limefunika. Kitovu kinapata moto, msukumo unarudi, poromoko linasimama kwa muda. Joto likifika kama nyuzi 2,000, molekuli za hidrojeni zinavunjika na kula joto lile, kitovu kinaporomoka tena, safari hii upesi mno. Kinachobaki ni nyota changa. Inang'aa kwa joto la gesi inayoiangukia, maana hidrojeni bado haijaanza kuungana kuwa heli.

Si gesi yote inayofika katikati. Funga jiwe kwenye kamba, ulizungushe, uache kamba ijiviringishe kidoleni: kadiri inavyofupika, jiwe linamaliza kila mzunguko upesi zaidi. Donge nalo lilikuwa linazunguka polepole tangu mwanzo. Gesi iliyosogea hadi kwenye sehemu moja ya mia ya umbali wake wa awali hutaka kuzunguka mara 10,000 zaidi, hivyo inashindwa kuingia na kutandaa kuwa sahani kuizunguka nyota. Sayari huundwa humo.

Utajuaje kama donge limeshazaa? Infraredi huonyesha chanzo cha joto katikati. Ndani ya Barnard 68 hakijaonekana. Katika L1527, wingu la kundi la Ng'ombe, kipo: picha ya darubini ya James Webb ya Novemba 2022 inaonyesha umbo kama la kipima-muda cha mchanga, na shingoni mstari mweusi, ambao ndio sahani inayotazamwa kwa ubavu. Julai kundi hilo halipo angani saa hizo za usiku. Hupanda Desemba, mvua zikiwa zimetanda Mbeya, kwa hiyo picha hiyo ipakue kabla ya safari, uitazame ukiwa bado nyumbani.