Bajeti ya CISA kwa mkaguzi aliye Mtwara au Lindi: kutoka ada ya mtihani hadi mwaka wa tatu

Mdogo wangu wa kazi, mkaguzi wa ndani aliyepo Masasi, alinipigia simu akiwa na furaha: "Kaka, nimeshapata hela ya CISA. Ada ni dola 575, nina milioni moja na nusu." CISA ni cheti cha ukaguzi wa mifumo ya kompyuta kinachotolewa na chama cha kimataifa cha ISACA. Nilimwomba asilipe kwanza. Kiasi alichokuwa nacho kinatosha mtihani peke yake, na mtihani haufiki hata nusu ya gharama yote. Tulikaa na daftari jioni mbili, na hiki ndicho tulichokiandika. Bei nilizotumia ni zile za tovuti ya ISACA tulizozikuta tulipokuwa tunapanga. Wewe fungua ukurasa wa bei siku unayopanga uweke zako.

Hatua ya 1: Hesabu uanachama kabla ya kitu kingine

Watu wengi huuruka uanachama wa ISACA wakiona ni gharama ya ziada. Kwa CISA, katika mwaka wa mtihani, uanachama unajilipa wenyewe. Asiye mwanachama hulipa dola 760 kwa mtihani, 399 kwa benki ya maswali ya mazoezi na 139 kwa kitabu cha rejea. Jumla ni 1,298. Mwanachama hulipa 575, 299 na 109, yaani 983. Ongeza ada ya uanachama ya dola 145 na tuseme dola 30 za tawi, unafika 1,158. Bado umeokoa dola 140.

Lakini angalia: hesabu hii inasimama kwa sababu unanunua vitu vyote vitatu. Kama benki ya maswali na kitabu vipo ofisini, linganisha mtihani peke yake: unaokoa 185 na unalipa 175 za uanachama na tawi. Faida inabaki dola 10.

Hatua ya 2: Kozi, na kwa nini niliifuta

Kozi ya darasani Dar es Salaam ina ada yake, na kwa mtu wa kusini ina nauli na wiki nzima ya kulala nje. Nikimwangalia aliyekwisha fanya ukaguzi kwa miaka kadhaa, naona pesa hiyo ifanye kazi kwenye benki ya maswali. CISA ni maswali 150 ya kuchagua ndani ya saa 4, na kinachowaangusha wakaguzi wazoefu ni kujibu kama wanavyofanya ofisini badala ya jinsi ISACA inavyotaka mkaguzi afikiri. Hilo hulijua kwa kufanya maswali na kusoma maelezo ya kila jibu, hasa yale uliyoyakosa. Aliyetoka kwenye uhasibu mtupu, ambaye hajawahi kukagua mfumo wowote wa kompyuta, namshauri atafute kozi.

Hatua ya 3: Panga tarehe za kulipa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kujua. Ukishalipa mtihani, una muda wenye kikomo wa kuufanya, na ada hairudishwi. Benki ya maswali nayo hufunguliwa kwa miezi 12. Uanachama una muda wake. Ukilipa vyote siku moja kwa furaha ya kupata mkopo, halafu kazi za kufunga mwaka wa fedha zikakubana hadi Agosti, umenunua miezi usiyoitumia.

Tulipanga hivi: kitabu kwanza pamoja na uanachama, asome miezi miwili. Kisha benki ya maswali. Mtihani ulipwe pale anapopata asilimia 75 au zaidi kwenye maswali asiyowahi kuyaona, kwa siku kadhaa mfululizo.

Hatua ya 4: Andika bajeti kwa shilingi

Tumia bei ya benki yako ya kuuza dola, kwa sababu kadi itakatwa kwa hiyo. Sisi tuliweka 2,600 kwa dola. Dola 1,158, pamoja na dola 50 za maombi ya cheti baada ya kufaulu, ni 1,208, yaani shilingi 3,140,800.

Safari ya mtihani tuliitengea 220,000: nauli ya Masasi hadi Dar kwenda na kurudi 90,000, malazi ya siku mbili 80,000, chakula na daladala 50,000. Mtihani unaweza kufanyika nyumbani kwa kamera, lakini mimi sikumruhusu. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti iliyumba nchi nzima, na umeme wetu huku unajulikana. Laki mbili na ushee kulinda ada ya milioni moja na nusu ni pesa iliyotumika vizuri.

Jumla hadi cheti mkononi: 3,360,800. Pembeni yake kuna akiba ya 1,495,000 ya kurudia mtihani, maana anayefeli hulipa ada nzima upya. Akiba hiyo haikopwi. Kama haipo, sogeza tarehe ya mtihani.

Hatua ya 5: Miaka mitatu inayofuata

Cheti hudumishwa kwa saa za mafunzo endelevu, ziitwazo CPE: zisizopungua 20 kila mwaka, na 120 katika miaka mitatu. Ada ya kudumisha ni dola 45 kwa mwaka kwa mwanachama na 85 kwa asiye mwanachama. Hapa hesabu inageuka. Asiye mwanachama hulipa 255 kwa miaka mitatu, kama 663,000. Mwanachama hulipa 135 za cheti na 435 za uanachama, jumla 570, kabla ya ada ya tawi. Ukibaki mwanachama, iwe ni kwa sababu unachukua saa za bure za mafunzo ya mtandaoni yanayotolewa kwa wanachama. Kama mafunzo ya mwajiri wako yanakufikisha kwenye saa hizo, acha uanachama.

Na kabla ya yote haya, hakiki uzoefu. Cheti kinadai miaka 5 ya kazi husika, ingawa masomo na uzoefu mwingine huweza kukupunguzia miaka isiyozidi 3 kati ya hiyo. Ukishafaulu una miaka 5 ya kuomba.

Hatua ya 6: Pesa itoke wapi

Anza na mwajiri. Halmashauri huandaa bajeti miezi mingi kabla ya Julai Mosi, kwa hiyo barua yako kwa Mkurugenzi, kupitia mkuu wa kitengo, iwe imefika Novemba ili uingizwe kwenye mpango wa mafunzo. Omba vipengele vilivyotajwa kimoja kimoja na bei zake, pamoja na ada za kudumisha. Barua inayosema "naomba kufadhiliwa CISA" hujibiwa kwa ada ya mtihani tu.

Kisha zungumza na mhasibu kabla ya kulipa. Tovuti ya nje haitoi risiti ya EFD wala namba ya malipo ya serikali. Mimi nililipa kwa kadi yangu nikitegemea kurejeshewa, na ofisi niliyokuwapo ikarudisha madai yangu mara mbili kwa sababu ya risiti. Mara ya tatu nilileta kibali cha maandishi, ankara ya tovuti na taarifa ya benki inayoonyesha dola na shilingi zilizokatwa siku ileile. Yakapita. Kibali hicho kipate mwanzoni.

Kinachobaki, kopa SACCOS kwa kipande tu. Mdogo wangu alikopa 1,500,000 kwa miezi 12, riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua: riba yote 97,500. Mwingine mwenye shamba aliniambia atasubiri malipo ya mnada wa korosho. Ni sawa, ila aandike tarehe ya mtihani baada ya pesa kuingia kwenye akaunti, maana mnada kufanyika na mkulima kulipwa ni siku mbili tofauti.