Uzi na kitambaa: vilingane juani, si chini ya taa

Mafundi na wateja wa Majengo hapa Dodoma, uzi uliofanana na kitambaa dukani ukifika nje ukageuka, hujarogwa. Uzi wa poliesta na kitambaa cha pamba hutiwa rangi za kemikali tofauti. Taa ya dukani haina mwanga wa kila rangi kwa kiwango sawa kama jua, kwa hiyo tofauti yao hujificha. Kijivu, kaki na zambarau ndizo sumbufu zaidi.

Beba kipande cha kitambaa chenyewe, picha ya simu haisaidii. Mwombe muuzaji akufungulie uzi kidogo, kwa sababu ukiwa kwenye kigurudumu huonekana wa rangi nzito kuliko ukishashonwa. Toka nao nje, mbali na turubai la bluu, maana nalo linapaka kila kitu ubluu. Laza nyuzi moja moja juu ya kitambaa, uangalie kivulini na juani. Uzi wa kaki ukigeuka mwekundu-mwekundu, rudisha, jaribu mwingine. Ukikosa unaolingana kabisa, chukua uliokolea kidogo. Mweupe kuliko kitambaa huonyesha kila mshono.

Sare ya ukumbini usiku ijaribu na chini ya taa pia.