Kukimbia dakika 12 kupima pumzi: usisome mita peke yake, soma na raundi

Habari zenu wakimbiaji. Kila Jumamosi huwa nawapima watu kwenye uwanja wa vumbi huku Nzuguni, Dodoma, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kocha, nimepata mita elfu mbili na kitu, je niko fiti?" Siwezi kukujibu kwa hiyo namba peke yake. Nataka kwanza nione muda wa kila raundi, maana bila huo sijui kama hizo mita zimetoka kwenye pumzi yako au zimeharibiwa na jinsi ulivyoanza. Leo naeleza mwanzo mpaka mwisho tunavyofanya, halafu nawaonyesha majibu ya kaka mmoja dereva wa bodaboda wa miaka 34, uzuri amekubali nitumie namba zake.

Kipimo chenyewe ni cha daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, alikitoa mwaka 1968. Unakimbia dakika 12 umbali mrefu kadiri unavyoweza, basi. Kwa nini 12 na sio 2? Ukikimbia dakika mbili mwili una nguvu ya haraka ambayo haisubiri hewa, inakubeba tu hata kama pumzi yako ni ndogo. Dakika 12 hiyo nguvu haifiki, sehemu kubwa ya kazi lazima ifanywe na oksijeni unayovuta, inayosukumwa na moyo mpaka kwenye misuli. Ndio maana mita zako zinaweza kukadiria kile kiwango ambacho saa za kisasa zinakiandika VO2max, yaani mililita za oksijeni ambazo mwili unaweza kutumia kwa dakika moja kwa kila kilo ya uzito wako.

Hatua ya 1: jua kama unafaa kupimwa leo

Hiki kipimo ni cha kujikamua. Kama una shida ya moyo, unasikia kifua kubana ukipanda ngazi, presha yako haijatulia au una mimba, usikifanye. Umevuka 40 na una miaka hujakimbia? Nenda kacheki kwanza hospitali, halafu tembea na kujogi wiki kadhaa ndio uje. Na kama wiki hii umetoka kuumwa malaria au una mafua yenye homa, ahirisha, hata ukimaliza salama namba itakuwa ya ugonjwa, sio yako.

Hatua ya 2: pima uwanja kwa futi kamba

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu na hawajui. Kama una uwanja wenye njia za riadha za mita 400, kimbia njia ya ndani kabisa, umemaliza. Sisi hatuna, kwa hiyo tunachora mstatili wa mita 90 kwa 60, ukizunguka mara moja ni mita 300. Tumia ile futi kamba ya mafundi ya mita 50, weka koni kila kona, halafu pima pembe kwa pembe, kona hadi kona ya upande wa pili, zote mbili zinatakiwa zitoke mita 108 na kidogo. Zikipishana ujue mstatili umelala upande, rudi urekebishe. Baada ya hapo tia alama za chokaa kila mita 10, zitakusaidia mwishoni.

Mkimbiaji apite karibu na koni, umbali wa kunyoosha mkono tu. Ukikimbia mita moja nje ya mstari muda wote, kila raundi unaongeza mita 6 hivi, na hii haijali uwanja ni mkubwa au mdogo. Kwa raundi saba ni zaidi ya mita 40 ambazo umezikimbia ila hazihesabiwi.

Apu za simu kwenye uwanja mdogo kama huu msiziamini jamani. Simu inachukua mahali ulipo kwa vipindi, ukikata kona nne kila raundi yenyewe inaunganisha kwa kukisia, mara inakuongezea mara inakupunguzia. Kuna dada alinijia na namba ya simu akiwa na furaha kweli, tukaenda naye tukatembea raundi moja iliyopimwa kwa kamba, simu ikaandika mita 322. Hebu zidisha hiyo 22 kwa raundi nane.

Hatua ya 3: saa na hali ya hewa

Sisi tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua likishakuwa kali damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, ile ya kupeleka miguuni inapungua, moyo unapiga zaidi kwa spidi ileile. Halafu kuna upepo, mwenyeji wa Dodoma anaujua, kiangazi ukianza kuvuma na lile vumbi jekundu, upande mmoja unakusukuma na upande mwingine unakuzuia, ila anayefikiri vinafidiana anakosea, upepo wa mbele unakula zaidi ya unachopewa na wa nyuma. Siku ya upepo mkali mimi nawarudisha watu nyumbani. Na kama umekuja kutoka Dar juzi, huku tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, usishangae ukipungukiwa kidogo.

Hatua ya 4: pasha mwili

Dakika 10 za kutembea haraka na kujogi taratibu, halafu mikimbio mifupi mitatu minne ya mita 60 hivi ya spidi utakayoanzia. Pumzika dakika mbili tatu. Usianze umepoa.

Hatua ya 5: kimbia, na mwenzako aandike

Huwezi kujipima mwenyewe vizuri, tafuta mtu wa kukaa kwenye koni ya kwanza na stopwochi na daftari. Kila ukipita anaandika muda. Asiandike idadi ya raundi tu, aandike MUDA, hiki ndicho kitu chote cha makala hii.

Dakika tatu za kwanza ukimbie spidi ambayo ungeweza kumjibu mtu sentensi fupi, itaonekana ndogo mno na utaona wenzako wanakuacha, waache. Kati ya dakika ya 3 na ya 9 maneno yanabaki mawili matatu. Tatu za mwisho ongeza mpaka kinachobaki. Ukichoka ukitembea sio kosa, inahesabika, ila andika kwamba ulitembea.

Filimbi ya dakika ya 12 ikilia angusha kitambaa pale ulipo, usisimame ghafla, endelea kutembea dakika tano maana ukisimama wima ghafla damu inabaki miguuni na unaweza kuzimia. Msaidizi ndio aende kwenye kitambaa ahesabu alama za chokaa.

Hatua ya 6: soma raundi kabla ya kusoma mita

Sasa tuje kwa kaka wa bodaboda. Mara ya kwanza alipata mita 2,140. Raundi zake za mita 300 zilikuwa hivi: 1:16, 1:28, 1:41, 1:49, 1:51, 1:52, 1:49, halafu mita 40 za mwisho. Iangalie hiyo ya kwanza na ya sita, zimepishana sekunde 36! Nilikuwepo, alitoka kama anafukuzwa, kufika koni ya pili ya raundi ya tatu mabega yamepanda mpaka masikioni, mdomo wazi, miguu inaburuza vumbi. Alitumia ile nguvu isiyosubiri hewa yote mwanzoni, misuli ikajaa uchovu wake, na dakika nane zilizobaki akawa analipa deni.

Mahesabu ni haya, umbali uwe kwa mita:

```
VO2max = (umbali - 504.9) / 44.73
```

Kwake: 2,140 toa 504.9 unapata 1,635.1, gawa kwa 44.73, inakuja 36.6 hivi. Kwa jedwali la Cooper linalotumika sana, mwanaume wa miaka 30 hadi 39 akiwa kati ya 1,900 na 2,299 ni wastani. Akaondoka amenuna kidogo, nikamwambia kaka hii namba sijaiandika kama yako, rudi baada ya wiki mbili, endelea na maisha yako kama kawaida, safari hii nitakuitia muda kila raundi na ya kwanza usishuke chini ya 1:35.

Akarudi. Raundi: 1:36, 1:35, 1:34, 1:34, 1:33, 1:32, 1:30, na mita 220 juu yake. Jumla 2,320. Kwenye mahesabu ni 40.6, na kwenye jedwali amehamia kundi la wazuri.

Mita 180 zimeongezeka kwa wiki mbili na hajafanya zoezi lolote jipya. Mapafu na moyo havibadiliki hivyo. Pumzi ilikuwa ileile, mara ya kwanza ilifichwa na kuanza vibaya. Ndio maana mimi nina sheria yangu, raundi ya pili na ya sita zikipishana zaidi ya sekunde 10 kwenye mita 300, simpi mtu majibu, tunarudia. Na upande wa pili pia upo, ukimaliza raundi ya mwisho kwa sekunde 20 pungufu ya nyingine zote ujue ulibana sana, ulikuwa na akiba hujaitoa.

Hatua ya 7: ujue namba inaishia wapi

Cooper alipima wanaume 115 wa jeshi, Wamarekani. Mama wa miaka 50 akitumia mahesabu yaleyale atapata makadirio ya mbali zaidi, jedwali la wanawake ni jingine na la kila umri ni jingine, usijilinganishe na la mwanao. Pia watu wawili wenye oksijeni sawa wanaweza kupishana mita nyingi kwa sababu mmoja anakimbia kwa wepesi na mwingine anarukaruka na kupoteza nguvu. Kwa hiyo VO2max hapa ni makadirio, na mimi naiamini zaidi ikikulinganisha wewe na wewe, uwanja uleule, saa ileile, viatu vilevile.

Rudia baada ya wiki 6 mpaka 8. Tofauti ya chini ya mita 50 mimi naichukulia ni upepo, usingizi au chakula cha jana.

Yule kaka alianza kujogi taratibu mara tatu kwa wiki, dakika 30 hivi kabla hajaenda kijiweni, na baada ya wiki nane tukampima tena. Raundi nane kamili na mita 10, yaani 2,410. Ya kwanza 1:31, ya saba 1:28. Kwenye mahesabu ni 42.6. Safari hii alianza sawasawa kama mara iliyopita, kwa hiyo hizo mita 90 ndizo nilizomwandikia kwenye daftari kuwa ni za pumzi.