Ndugu yako kawekwa ndani kwa amri ya mkuu wa wilaya: jinsi ya kuomba Mahakama Kuu iamuru aletwe

Nimeandika haya baada ya kuhangaikia ndugu yangu aliyewekwa selo kwa agizo la mdomo. Yanahusu Tanzania Bara tu, kwa sababu Zanzibar ina sheria zake za mwenendo wa jinai.

Anza na saa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa (kifungu cha 7) na mkuu wa wilaya (kifungu cha 15) uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, lakini si kwa muda anaotaka yeye. Mtu huyo afikishwe kwa hakimu kabla ya saa 48 kwisha, na mkuu aandike sababu zake. Saa zikipita bila kufikishwa, aachiwe, na mkuu huyo haruhusiwi kuamuru akamatwe tena kwa sababu zilezile. Tuseme kachukuliwa mkutanoni Jumatatu saa kumi jioni: mwisho ni Jumatano saa kumi jioni. Usisubiri ifike ndipo utafute wakili.

Nenda kituoni na mtu wa pili. Muulize mkuu wa kituo mambo matatu: nani aliamuru, amri iliyoandikwa iko wapi, na kaingizwa kwenye kitabu kwa kosa gani. Omba dhamana ya polisi papo hapo. Ukijibiwa "ni maagizo kutoka juu", andika maneno hayo yalivyo, pamoja na saa na cheo cha aliyeyasema.

Saa 48 zikishapita, njia ni Mahakama Kuu, kwa maombi ambayo mawakili huyaita hebiasi kopasi. Msingi wake ni Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 390 kwa hesabu ya toleo la 2022. Hakikisha namba kwenye toleo la 2023 kabla ya kuandika. Unapeleka chamba samansi, yaani hati ya maombi inayowaita wahusika mbele ya jaji, kiapo, yaani maelezo ya maandishi yaliyoapiwa, na hati ya dharura ya kuomba shauri lisikilizwe haraka. Wajibu maombi, yaani wanaotakiwa kulijibu ombi lako, ni wanaomshikilia: mkuu wa kituo na kamanda wa polisi wa mkoa, pamoja na aliyetoa amri na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kuwasilisha kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama si kazi kubwa. Wakili anafanya akiwa ofisini kwake.

Kazi iko kwenye kiapo. Hapa ndipo familia nyingi hupoteza siku, na mtu wao bado yuko ndani.

Kiapo kieleze mambo yaliyotokea, basi. Malalamiko, hoja za sheria na maombi havikai humo. Msimamo huo unatoka kwenye kesi ya Matovu ya Uganda ya 1966, nayo ilikuwa ya mtu aliyewekwa kizuizini, na mahakama zetu huitumia mpaka leo. Ukiandika "mkuu wa wilaya alivunja Katiba kwa ukatili", wakili wa Serikali ataomba aya hiyo ifutwe, na mabishano yatahamia kwenye karatasi yako.

Jambo la pili ni nani anaapa. Ulichosikia kwa mwingine lazima umtaje aliyekuambia, na naye inafaa aape kiapo chake. Mtu wa maana kuliko wote mara nyingi ni yule aliyepeleka chakula. Yeye alifika kaunta, akaacha bakuli, akamwona ndugu yake au akasikia sauti yake. Aape mwenyewe: "Jumanne saa mbili asubuhi nilimpelekea uji katika kituo fulani, nikamwona." Polisi wakileta kiapo kinzani kusema hawana mtu huyo, kiapo hicho cha mpeleka chakula ndicho kinachowataka waeleze alikwenda wapi. Kamishna wa viapo naye aandike mahali na tarehe ya kuapishwa. Akisahau, kiapo kinaweza kutupwa.

Jiandae kwa mambo mawili. Anaweza kuhamishwa kituo usiku. Kila asubuhi mtu apite kuuliza, na akipatikana kwingine, omba kuongeza mjibu maombi. Au, wakishapata wito wa mahakama, wanaweza kumfikisha haraka mbele ya hakimu na kumfungulia shtaka. Hapo ombi lako hukosa nguvu, maana sasa anashikiliwa kwa amri ya mahakama. Wakili awe tayari na wadhamini siku hiyohiyo, wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa.

Ukiambiwa amri ni ya Rais chini ya Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962, mambo hubadilika, kwa kuwa saa 48 hazihusiki. Hata hivyo amri hiyo inatakiwa iwe na saini ya Rais na muhuri wa taifa, kwa hiyo ombi lako lidai iletwe mahakamani. Barua ya ofisi ya wilaya haiwezi kuchukua nafasi yake.

Akitoka, fidia haiji na ombi hili. Ni shauri jingine la madai, na Serikali hupewa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Tunza nakala za viapo vyote, kwa sababu shauri hilo litaanzia humo.