Hedifoni za PS5: tazama pini kabla ya kulipa

Hedifoni za Bluetooth unazotumia na simu hazitashika kwenye PS5, kwa sababu mashine hiyo haipokei sauti ya Bluetooth moja kwa moja. Ukitaka zisizo na waya, chukua zinazokuja na kidude chake cha USB, na boksi liwe limeandikwa PS5. Zile za Xbox tu hazitakusaidia.

Mimi ningeanza na za waya: hazidai chaji, unachomeka tu kwenye pedi. Ila itazame pini yake ya milimita 3.5. Ikiwa na pete tatu, inabeba na maiki. Zikiwa mbili, utawasikia wenzako lakini sauti yako haitapita kwenye hedifoni hizo. Na maiki yenye mkono unaofika karibu na mdomo huizidi ile iliyofichwa sikioni, inayookota hadi feni.