Noti za mhadhara kwa mtindo wa Cornell: kuchora ukurasa na kuujaza

Chukua karatasi ya A4 yenye mistari, rula na penseli. Pima sentimita 6 kutoka ukingo wa kushoto, kisha piga mstari wa wima kuanzia juu, uuishie sentimita 5 kabla ya kufika chini. Hapo ulipoishia piga mstari wa mlalo, ukingo hadi ukingo. Tayari una safu ya maswali kushoto, uwanja wa noti kulia na nafasi ya muhtasari chini. Vipimo hivi vinakaribiana sana na vya Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliyeueneza mtindo huu. Chora kurasa kadhaa mapema, maana mhadhiri hakusubiri uhangaike na rula.

Darasani andika upande wa kulia tu. Tuseme somo ni vimelea vya malaria, ikiwemo aina iitwayo vivax. Usinakili sentensi nzima, fupisha:

*mbu jike anauma → vimelea damuni → ini (siku kadhaa, hakuna dalili) → seli nyekundu → zinapasuka → homa*

*vivax: baadhi hulala kwenye ini, huamka baadaye*

Mada ikibadilika, ruka mstari. Safu ya kushoto iache tupu, hata kama mkono unakuwasha.

Jioni hiyohiyo, mhadhara ukiwa bado kichwani, rudi kwenye safu ya kushoto. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaandika vichwa vya habari. Neno "Ini" halikuulizi kitu, ukilisoma unajiona unajua. Andika swali ambalo jibu lake liko mkabala nalo: "Kwa nini mgonjwa hana homa vimelea vikiwa kwenye ini?" Chini yake: "Vivax hurudije bila mtu kuumwa tena na mbu?" Kwa ukurasa mmoja, mimi naona maswali manne hadi sita yanatosha. Yakifika kumi na tano, ujue unazihamisha noti kutoka kulia kwenda kushoto.

Sasa funika upande wa kulia kwa karatasi, soma swali, ujibu kwa sauti, kisha fungua uhakiki. Swali lililokushinda liwekee alama, uanze nalo safari ijayo.

Muhtasari uje baada ya zoezi hilo, noti zikiwa zimefunikwa tena. Sentensi mbili tatu: "Vimelea huzaliana kwanza kwenye ini bila dalili. Homa huja vinapopasua seli nyekundu. Vivax inahitaji dawa ya kuua pia vile vilivyolala kwenye ini." Ukikwama katikati, hapo ndipo penye pengo, muulize mwenzako au mhadhiri kabla ya kipindi kijacho.

Kwa somo la hesabu ndefu, sentimita 15 zinazobaki kulia hubana. Mimi hulaza karatasi, nikabakiza safu ya kushoto kwa swali moja tu kila hatua: "Kwa nini tumegawanya hapa?"