Kabla hujaandika maelezo ya picha za zamani zisizo na majina

Picha ianze kuchunguzwa kabla ya kupelekwa kwa wazee. Ipige skani mbele na nyuma, maana nyuma ndiko uliko muhuri wa studio na maandishi yaliyofifia. Muhuri wa Capital Art Studio ya Unguja, kwa mfano, unakuambia picha haikuchapwa kabla ya 1930, mwaka studio hiyo ilipofunguliwa. Haukuambii ilipigwa wapi, kwa kuwa filamu ya mtu mwingine nayo huweza kupelekwa studio kusafishwa. Namba ya picha iandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini.

Kwa mzee nenda na nakala iliyokuzwa, nyuso zionekane. Usimwulize, "Huyu si babu?" Atakuitikia tu kwa adabu, nawe utaondoka na jibu lako mwenyewe. Sema, "Shikamoo bibi, hawa ni nani?" kisha nyamaza. Akisema "Mama Salma" au "mjomba", uliza jina lake hasa, la baba yake, na ni mjomba wa nani. Mzee wa pili umwendee peke yake, kabla hawajazungumza.

Tarehe ndiyo yenye mitego. Wazee wengi huhesabu kwa matukio, na tukio moja laweza kuwa na miaka miwili. Tuseme bibi aliyewahi kuishi Dar es Salaam na Unguja anasema: "Hiyo ni siku za uhuru, na huyo niliyembeba ni mwanangu wa kwanza." Uhuru upi? Wa Tanganyika ulikuwa tarehe 9 Desemba 1961, wa Zanzibar tarehe 10 Desemba 1963. Omba cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kikisema Agosti 1962, wa Tanganyika umeondoka, maana mtoto hakuwapo. Sasa irudie picha: mtoto wa mwaka na miezi minne huketi wima mbelekoni. Ukiona kichanga cha wiki chache, ama mtoto ni mwingine, ama picha ni ya 1962 na bibi amechanganya. Mwulize tena taratibu, bila kumwonyesha kwamba umemkamata.

Yakipatana, andika hivi: "Karibu Desemba 1963. Waliosimama, kutoka kushoto: …" Asiyejulikana mwandike "hajatambuliwa", nafasi yake isirukwe. Taja nani amemtambua nani na lini alihojiwa. Wakitofautiana, yaweke majibu yote mawili. Binafsi siamini maelezo ambayo wazee wote wamekubaliana kila kitu.

Kama utasimulia kwa sauti, kinachoonekana kiseme kama kinachoonekana, na kilichosimuliwa kipe mwenyewe: "Bibi anakumbuka kwamba…" Usiseme "walikuwa na furaha" kwa sababu ya tabasamu. Huenda mpiga picha ndiye aliyewaambia wacheke. Na kabla hujaituma kwa ukoo mzima, msomee bibi ulichoandika. Kuna majina atakayotaka yaondolewe, na ana haki.